Nilivyoisoma notisi ya kupandishiwa kodi

Msimamizi wa nyumba aliniletea barua tarehe 3 Juni, akataka nisaini nakala yake. Kabla ya saini niliandika kwa kalamu: "Nimepokea 3 Juni. Hii si ridhaa." Barua yenyewe ilikuwa na tarehe 25 Mei, na kodi mpya ingeanza 1 Agosti kwa ongezeko la asilimia 10.

Nilitoa mkataba nikauweka kando ya barua. Kifungu cha kodi kilisema inaweza kupandishwa mara moja kila baada ya miezi 12, kwa notisi ya maandishi ya miezi miwili kamili ya kalenda tangu mpangaji aipokee, na isizidi asilimia 10 ya kodi ya msingi. Mwaka ulikuwa umeshapita, kwa hiyo haki ya kupandisha mwenye nyumba alikuwa nayo. Hapo sikuwa na la kubishia.

Tarehe ndiyo iliyoleta mambo. Ukihesabu kuanzia 25 Mei, Juni na Julai zinatosha, na 1 Agosti ni sawa. Ukihesabu kuanzia siku niliyoipokea, Juni imeshaanza, haihesabiki kama mwezi kamili. Miezi miwili inakuwa Julai na Agosti, na kodi mpya inaanza 1 Septemba. Yale maneno machache ya kalamu yaliniokolea ongezeko la mwezi mzima.

Kiasi nacho kilinishtua kidogo. Katika kila 100 ninayolipa, 80 ni kodi yenyewe na 20 ni huduma: ulinzi, taka, usafi wa ngazi. Wao walipiga asilimia 10 juu ya jumla, wakapata 10. Kwa mujibu wa kifungu, hesabu ni juu ya 80 tu, yaani 8. Ukiipima hiyo 10 dhidi ya kodi ya msingi, ni asilimia 12.5. Gharama za huduma zilikuwa na kifungu chake, kinachodai waonyeshe matumizi, na barua haikuambatanishwa na chochote.

Niliandika jibu fupi: naikubali 8, siikubali 2 iliyobaki, na tarehe sahihi ni 1 Septemba. Nilinukuu vifungu kwa namba zake. Agosti nikalipa kodi ya zamani siku ileile ya kawaida, maana ukichelewesha unampa mwenye nyumba kosa jipya la kukushikia, na ukilipa kiwango kipya kimyakimya anaweza kusema umekubali.

Mama mwenye nyumba alinipigia. "Mwanangu, kila kitu kimepanda."

"Najua, mama. Ndiyo maana ile 8 sikuibishia."

Nilijaribu pia kumwambia kwamba asilimia 10 ni kubwa mno. Akanijibu kwamba niliisaini mwenyewe, na kwa mkataba ule alikuwa sahihi. Mkataba ungekuwa kimya kuhusu kiwango, ningeenda kutazama sheria ya upangaji inasemaje. Barua iliyosahihishwa ilikuja, nikaibana pamoja na mkataba, na kwenye risiti ya Septemba nikaomba kodi na huduma ziandikwe kila moja mstari wake.