Nilivyojinunua kwa karafuu za vuli

Watu wakisikia nimeachika mara mbili kwa mume yule yule hudhani natania. Sitanii. Mara ya kwanza aliniacha yeye, mara ya pili nilijivua mie, na baina ya hizo mbili kuna tofauti ambayo ningeijua mapema ningeokoa mwaka mzima na kanzu moja.

Tukianza na ile ya kwanza. Tuligombana kwa jambo la kipuuzi, akachana karatasi ya daftari la mtoto wa jirani akaandika "nimekuacha talaka moja", akaiweka juu ya mtungi. Nikafunga mafurushi nikaenda kwa mama, Wete. Hapo nilikosea: mwenye talaka rejea anatakiwa amalize eda yake kwenye nyumba ya mume, na mume amlishe. Mie nikaona nimeokoka. Nimeshalala pale siku thelathini na tisa, nafua zangu uani, namwona mtu mlangoni na ndugu yake na jirani yao mmoja. "Shuhudieni, mke wangu nimemrejea."

Nikasema sitaki. Mama akamwita mwalimu wa msikiti wetu, mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, huulizwi kama unataka. Talaka moja au mbili, eda haijaisha, mume akinuia kusuluhisha anarejea kwa neno lake tu. Hakuna ndoa mpya, hakuna mahari mpya." Hata mashahidi, akasema, kwa madhehebu yetu ni vizuri wawepo, lakini si sharti. Nikarudi na mafurushi yangu yale yale.

Jamani, yule bwana si mbaya. Alikuwa akileta samaki, hanipigi, hana mke wa pembeni. Roho tu ilikataa. Nilikuwa nikisikia kobazi zake zinakuja barazani moyo unazama. Nikamwomba aniache, akakataa. Basi shoga yangu mmoja, Mungu amsamehe, akanipa ushauri: "Usiombe talaka, utalipishwa. Mchokoze, ataacha mwenyewe, na mahari yako yatabaki."

Nikaanza na chumvi. Mchuzi wa pweza nikautia chumvi mpaka pweza mwenyewe angerudi baharini. Akala, akanywa maji vikombe vitatu, akasema alhamdulillah. Kesho yake sikutia chumvi kabisa. Akasema afadhali, presha inampanda siku hizi. Nikaunguza uji wa mtama, akasema unamkumbusha bibi yake. Mwisho nikachukua kanzu yake ya Ijumaa, nyeupe, ya kutoka Maskati, nikairoweka pamoja na kanga nyekundu mpya usiku kucha. Ilitoka rangi ya juisi ya ukwaju. Nikaianika mbele ya mlango ili aione akirudi. Aliitazama, akaipindua huku na huku, akasema, "Nitaivaa kwenye bao." Na akaivaa! Wazee wa barazani wakamwita bwana harusi wiki nzima, akacheka nao. Mimi ndiye niliyelia.

Nilipomsimulia mwalimu alinikaripia vizuri sana, ikawa nina dhambi juu ya kutokuachwa. Ndipo akanieleza mlango niliokuwa nao tangu mwanzo: khului. Mke asiyemtaka mume anajikomboa kwa mali, na mfano wake ni mke wa Thabit bin Qays, aliyemwambia Mtume kwamba hamlaumu mumewe kwa dini wala tabia, ila hawezi kukaa naye. Akaulizwa kama atarudisha bustani aliyopewa mahari, akakubali, wakaachana. Nikasema huyo ni mimi, ila mie sikupewa bustani.

Tukaenda kwa kadhi. Swali la kwanza halikuwa la pesa. Aliuliza: anakulisha? Anakupiga? Amewahi kukutelekeza? Nilitamani kusema uongo hapo, maana mke asiyelishwa au anayeumizwa anaweza kuomba kadhi aivunje ndoa, hiyo ni fasakhi, na halipi kitu. Anayenunua ni yule ambaye mume hana kosa. Wanaokimbilia kununua hali wamekaa na njaa wanajitupa bure. Mie nikasema kweli: analisha, hapigi.

Mume akataka laki saba. Akahesabu mahari, turubai la harusi, hata soda. Wazee wakamuuliza kama soda alizinywa mke peke yake. Wakashuka wakashuka mpaka laki nne, mahari yangu kamili. Nilikuwa nimechuma karafuu za vuli kwenye shamba la mjomba, nikaanika kwenye jamvi, nikauza. Ilipatikana kama laki tatu na ushei, nyengine akaongeza mama. Nikazihesabu mbele yake. Akasema, "Nimekukhului kwa laki nne." Nikasema, "Nimekubali." Tukaandikiwa. Ilikuwa tarehe 6 Machi.

Sasa eda. Mama akasema miezi mitatu, jirani akasema hedhi tatu ziishe, shoga yangu (yule yule) akasema aliyejinunua hana eda. Wote hapana. Wapo wanachuoni wanaosema eda ya khului ni hedhi moja, lakini sisi tunafuata Shafii, na kwa Shafii mwenye kupata hedhi anahesabu tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi bila damu. Miezi mitatu ni ya asiyepata hedhi, na mjamzito humaliza akijifungua. Nilitundika kalenda nyuma ya mlango nikaweka alama kwa wanja. Tarehe 6 Machi nilikuwa nimeshatoharika, kwa hiyo zile siku zilizobaki, hata ingekuwa moja, ni tohara ya kwanza. Damu ikaja 27 Machi. Tohara ya pili ikaishia 24 Aprili. Ya tatu ikakatika damu ilipoonekana 22 Mei, na hapo eda imekwisha, sikungoja hedhi hiyo imalizike. Siku 77. Mama alingoja mpaka 6 Juni kwa kalenda yake, nikamwachia, maana nilikuwa nakula kwake. Matunzo ya mume hakuna kwa aliyejikhului asiye na mimba.

Lakini kilichonifurahisha kilitokea kabla ya hapo, Aprili, mwezi wa Machi umeshakwisha na eda bado. Naona mlangoni watu watatu, yeye, ndugu yake, na jirani yule wa mara ya kwanza, na kikapu cha maembe. "Shuhudieni, mke wangu nimemrejea."

Nilikaa chini kabisa, kwenye mkeka, ili nicheke kwa raha. Nikamwambia, "Ile ya kwanza uliitoa bure ukairudisha bure. Hii niliinunua." Akamtazama mwalimu, ambaye mama alikuwa ameshamtumia mtoto. Mwalimu akasema ndivyo: aliyejikhului harejewi hata akiwa ndani ya eda. Akimtaka alete posa, nikubali, ifungwe ndoa mpya kwa mahari mapya, na kwa hesabu yetu khului nayo ni talaka, kwa hiyo ameshatumia mbili, imebaki moja. Ndugu yake akauliza kama basi laki nne zinaweza kuwa ndiyo mahari. Mama akasema maembe yabaki, wao waende.

Wakaondoka. Ndipo nilipoona alivyovaa: ile kanzu ya ukwaju.