Maboksi mawili, msasa na swali la mwanafunzi wa Kigoma

Nafundisha jiografia kidato cha tatu hapa Kigoma, na mada ya mabamba ya dunia, vile vipande vikubwa vya mwamba vinavyobeba mabara na bahari, nilikuwa naifundisha kwa maboksi muda mrefu kabla sijagundua kwamba maboksi yale yalikuwa yakiwadanganya wanafunzi. Nilichukua boksi la sabuni dukani, nikalikata vipande viwili bapa, nikaviweka mezani vikigusana. Huku Kongo, bamba la Nubia. Huku kwetu, bamba dogo la Victoria. Mstari wa katikati ndio Ziwa Tanganyika. Nikavivuta taratibu, ufa ukafunguka, darasa zima likaitikia kwamba limeelewa.

Kwenye jaribio wengi waliandika kwamba mabamba "yanateleza" na ndiyo maana ardhi inatetemeka. Lakini kitu kinachoteleza vizuri hakitetemeshi chochote. Boksi langu lilikuwa laini, na walichoandika ndicho walichokiona.

Kipindi kilichofuata nilibandika msasa kwenye vipande vyote viwili, upande wa mkwaruzo ukitazamana. Kipande cha chini nikakiegemeza kwenye vitabu vitatu ili kiwe na mteremko, kwa sababu ziwani kwetu ardhi inavutwa pande mbili na mwamba unashuka kwenye ufa ulioinama. Cha juu nikakitoboa, nikafunga rababendi, na pembeni nikalaza rula. Mwanafunzi mmoja akawa anavuta rababendi polepole kuelekea chini, mwingine anasoma.

Rababendi ilirefuka sentimita 3, boksi kimya. Sentimita 5, kimya. Ilipokaribia 6 boksi lilichomoka ghafla, likashuka kama sentimita 2, likakwama tena. Safari ya pili lilichomoka kwenye 4, ya tatu lilisubiri mpaka 7. Mkono uliokuwa ukivuta haukubadili mwendo hata mara moja. Hapo niliacha kimya kitawale kidogo, kisha nikauliza tetemeko liko wapi. Binti aliyeshika rula akasema: "Mwalimu, si kwenye kuvuta. Ni pale linapoachia." Nguvu ilikuwa imehifadhiwa kwenye rababendi, kama inavyohifadhiwa kwenye mwamba unaopindika huku ufa umekwama. Mabamba yetu yanaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua, lakini deni hilo hulipwa kwa mkupuo. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipotokea chini ya ziwa na kuangusha nyumba ng'ambo, Kalemie. Wanafunzi wangu hawakuwa wamezaliwa, ila wazazi wao wanaikumbuka alasiri ile. Na zile namba tatu za rula, 6, 4 na 7, zilijibu bila mimi kusema kitu kwa nini hakuna anayeweza kutaja siku ya tetemeko lijalo.

Volkano ndiyo iliyonisumbua zaidi. Nilikuwa natandika kitambaa chekundu chini ya maboksi yote. Nikivuta, wekundu unaonekana kwenye ufa mzima, nami nasema hiyo ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Kijana mmoja wa Kibirizi akanyosha mkono: "Sasa mwalimu, mbona ziwani kwetu moto hautoki, na baba yangu anavua huko kila siku?"

Alikuwa na haki kabisa. Chini ya mabamba hakuna bahari ya moto. Kuna mwamba wa moto sana lakini mgumu, unaosogea polepole mno, na unabaki mgumu kwa sababu umekandamizwa na uzito wa mwamba ulio juu yake. Bamba likivutwa likawa jembamba, mwamba ule hupanda, mkandamizo hupungua, na sehemu ndogo yake huyeyuka bila kuongezwa joto. Nilitumia mfano wa maji, kwamba kileleni Kilimanjaro yanachemka kwa joto dogo kuliko Kigoma, kwa kuwa huko hewa inakandamiza kidogo. Sehemu kubwa ya ufa wa Tanganyika bamba bado ni nene na baridi. Linapasuka na kutetemeka, ila magma haijafika juu.

Basi tulikata kile kitambaa. Kipande kimoja tulikiweka kaskazini, kwenye milima ya Virunga, kingine kusini, Rungwe, na katikati, penye Kigoma, tukaacha meza tupu. Tulipovuta tena, boksi lilikwama na kuchomoka urefu wote wa ufa, lakini wekundu ulionekana kule miisho miwili tu.

Yule kijana hakuridhika. Akauliza kwa nini basi mji wa Goma, kule Virunga, ulitikisika siku nyingi baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, wakati moto ulikuwa umeshatoka. Nikachukua kisu cha plastiki, nikakipenyeza katikati ya tabaka za boksi moja bila kulivuta. Karatasi zilipasuka krr, krr, kadiri kisu kilivyosonga. Magma nayo ikijipenyeza kwenye mwamba huupasua njiani. Alikiomba kile kisu, akajaribu mwenyewe, huku wenzake wameinamisha masikio mezani.