Jinsi nilivyokokotoa urefu wa rundo la springi za diski

Nilikuwa na springi 10 za diski na nafasi ya milimita 36 ya kuziweka bila mgandamizo. Kila moja ilikuwa na urefu wa 4.1 na unene wa 3, kwa hiyo kimo cha koni yake, yaani urefu ukiondoa unene, ni 1.1.

Zikipangwa zote kwa mfululizo, zikitazamana kwa zamu, urefu ni 10 × 4.1, yaani 41, na hazingeingia. Zikilala sambamba, kila diski inayoongezwa huchangia unene wake tu, kwa kuwa koni yake huingia ndani ya ile iliyotangulia. Nilichagua mafungu 5 ya diski mbili sambamba, yaliyopangwa kwa mfululizo:

```
L = i × (l + (n − 1) × t)
L = 5 × (4.1 + 3) = 35.5
```

Hapo i ni idadi ya mafungu, n ni idadi ya diski katika kila fungu, l ni urefu wa diski moja, na t ni unene wake. Rundo likibanwa hadi kulala kabisa hubaki 30, kwa hiyo mwendo wote ni 5.5.

Kupima rundo peke yake hakutoshi. Diski ya mwisho ikigeuzwa, mafungu huwa 6 na urefu hupanda hadi 36.6, lakini diski ya katikati ikigeuzwa, mafungu hubaki 5 na urefu haubadiliki, ingawa diski moja iliyobaki peke yake italala mapema chini ya mzigo. Kwa sababu hiyo nilikagua pia mwelekeo wa kila diski.