Ukurasa wa mwisho wa Injili ya Petro

Juzi nilikuwa steshenari nasubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa cha binti yangu. Mashine ikatema karatasi ya kwanza ikiwa bado ya moto, na ile harufu ya wino ikanirudisha kwenye kopi ishirini za Injili ya Petro, ambazo nilizilipia kwa hela yangu mwenyewe.

Mwaka 2006 mnaukumbuka. Injili ya Yuda ilikuwa imetangazwa mwezi wa nne, na kila kijana wa usharika aliyewahi kukaa kwenye intaneti kafe alikuwa na habari za vitabu vilivyofichwa. Fundi umeme wetu hakuishia kwenye habari. Alikaa wiki mbili na kamusi, akatafsiri Injili ya Petro kwa mkono kwenye kaunta buku, kisha akaomba tuisome Alhamisi badala ya somo la kawaida. Vijana wakagawanyika palepale. Mimi mwenyekiti nilitaka watu waende nyumbani kabla mvua haijanyesha, nikasema, "Kama ugomvi wenyewe ni huo tu, basi isomwe." Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja.

Ikasomwa. Mwanzoni ilikuwa kama kusikia jambo unalolijua likisimuliwa na jirani: Pilato, Herode, siki, giza la mchana. Kisha asubuhi ya ufufuo wakatoka kaburini watu watatu, wawili wakimshikilia mmoja. Vichwa vya wale wawili vilifika mbinguni, na cha yule wa kati kilipita mbingu. Nyuma yao ukafuata msalaba. Sauti kutoka juu ikauliza kama waliolala wamehubiriwa, na msalaba ndio uliojibu, "Ndiyo."

"Msalaba unatembea?" akauliza dada mmoja wa kwaya.

"Na unaongea," fundi akasema, bila kucheka.

Mwishoni Simoni Petro na Andrea nduguye wanachukua nyavu kwenda baharini, wakiwa na Lawi mwana wa Alfayo, "ambaye Bwana…" Hapo karatasi ikaisha, katikati ya sentensi. Kesho yake asubuhi nikaenda kumgombeza dada wa steshenari kwamba ametunyima ukurasa wa mwisho. Akaapa hakuna ukurasa. Nikabishana mpaka akanirudishia sehemu ya hela ili niondoke.

Jioni nikaitwa kwa mchungaji mstaafu.

Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akanisogezea kigoda, akaendelea kutoa mawe. Baada ya muda mrefu akauliza, "Uliisoma kabla ya kuwaruhusu?"

"Hapana, Mchungaji."

Alicheka mpaka akakohoa. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na historia ya kanisa ya Eusebio, askofu wa karne ya nne, jalada limeshikiliwa na mpira. Akafungua kitabu cha sita na kuanza kunitafsiria polepole, kidole kikifuata mstari.

Kulikuwa na askofu wa Antiokia aitwaye Serapioni. Mwishoni mwa karne ya pili alitembelea Roso, mji wa pwani ulio upande huohuo wa Siria, akawakuta waumini wanavutana juu ya injili yenye jina la Petro. Naye hakuisoma. Aliwaona ni watu wa imani sawa, akawaambia kwamba kama hilo ndilo pekee linalowaletea manung'uniko, basi isomwe.

"Maneno yako hayo," mzee akasema. "Miaka elfu moja mia nane imepita na bado mnayasema."

Serapioni aliporudi kwake akasikia kwamba baadhi ya watu wa Roso walikuwa na mafundisho mengine nyuma ya kile kitabu. Akakiazima kwa watu walewale waliokuwa wakikitumia, waliodai kwamba Kristo alionekana tu kuwa na mwili. Sasa akakisoma, kisha akawaandikia Roso wamtarajie karibuni. Hapa mzee aliinua kidole: Serapioni hakusema kitabu chote ni uongo. Alisema sehemu kubwa inakubaliana na mafundisho ya Mwokozi, ila kuna mambo yaliyoongezwa, na akawaorodheshea.

Orodha hiyo Eusebio hakuinakili. Mzee akaniomba kopi yangu, akatafuta mahali Yesu anasulubiwa, akagonga kwa ukucha: "alinyamaza kana kwamba hasikii maumivu." "Mtu wa kawaida atasema huu ni uvumilivu," akasema. "Lakini anayeamini kwamba mwili ule ulikuwa kivuli, huu ndio mstari wake."

Nikauliza kwa nini Serapioni hakufuta ile mistari michache na kuacha iliyobaki. Akanisomea sababu yenyewe: Petro na mitume wengine twawapokea kama Kristo, lakini maandiko yanayobandikwa majina yao twayakataa, kwa kuwa twajua hatukuyapokea kutoka kwa waliotutangulia. Swali la kwanza lilikuwa hilo: hiki kitabu mlipewa na nani? Kama hakuna mzee wa Antiokia aliyekikuta kikisomwa kanisani, jina la juu halikisaidii.

"Si Kaisari Konstantino aliyechagua vitabu vya Biblia, pale kwenye mtaguso wa Nikea?" nikauliza. Ndivyo tulivyoambizana kafe.

"Nikea ni 325, na hawakupiga kura ya vitabu. Serapioni alikuwa kaburini zaidi ya miaka mia." Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu hivihivi 27 vya Agano Jipya, bila kuzidi wala kupungua, imo katika barua ya Pasaka ya Athanasio wa Aleksandria ya mwaka 367. Kabla ya hapo mambo yaliamuliwa namna hii hii, mji kwa mji, barua kwa barua, askofu mmoja akirudi nyuma kusahihisha ruhusa yake.

Ule ukurasa wangu nao haukuwahi kupotea. Maandishi yale yalipatikana Akhmim, Misri, kwenye kaburi linalosemekana kuwa la mtawa, majira ya baridi ya 1886 kwenda 1887. Mwandishi alichora mapambo mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo hata yeye alinakili kipande tu. Sentensi ilikatika mbele yake kama ilivyokatika mbele yetu.

Alhamisi iliyofuata nikasimama kufuta ruhusa yangu, nikasimulia habari za Serapioni, nikajiona mwanahistoria. Fundi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyekiti, Waraka wa Pili wa Petro ulikuwa unasomwa makanisa yote tangu mwanzo?"

Nilijua jibu, kwa sababu mzee aliniazima kitabu na nikakisoma wiki nzima. Eusebio, zaidi ya miaka mia baada ya Serapioni, anauweka kati ya vinavyobishaniwa, pamoja na Yakobo, Yuda, wa Pili na wa Tatu wa Yohana. Waraka wenye jina la Petro ulitiliwa shaka na ukaingia. Injili yenye jina la Petro ikatupwa. Nikasema tutaliangalia siku nyingine. Akakusanya kopi zake, akazihesabu, akaondoka. Kwenye vijana hakurudi tena, ingawa taa za kanisa aliendelea kututengenezea.

Mzee naye nilimpelekea swali lile. Akasema ule waraka hauna mstari unaoufanya mwili wa Yesu kuwa kivuli. Kisha akarudi kwenye mchele wake, nami nikaona halijajibiwa lote.

Barua ya watu wa Roso kwa Serapioni, kama waliandika, Eusebio hakutuachia.

Kopi moja ninayo bado, imekunjwa ndani ya Biblia mahali pa Petro wa Pili. Ile hela ya steshenari sijairudisha.