Jinsi nilivyorudisha sauti ya chapa bila kutupa kipimo cha urefu wa sentensi

Ukurasa wa dhamana niliouandikia kampuni ya majiko ulipoteza sauti yake baada ya mimi mwenyewe kukata kila sentensi ndefu, kwa kuwa kipimo cha ugumu wa kusoma cha Flesch-Kincaid kilidai kwamba maandishi yale ni ya kiwango cha chuo kikuu. Kipimo hicho kiliundwa kwa ajili ya Kiingereza na huhesabu silabi, ilhali "tutakutengenezea" lina silabi 8 na mtoto analielewa. Nilikiacha, nikabaki na urefu wa sentensi, tena kama kengele ya kunionya tu.

Nilirudi kwenye rasimu ya awali, ambamo sentensi mbili zilizidi maneno 20. Ya kwanza ilirundika masharti kwa "ambayo" tatu, na nilipoisoma kwa sauti nililazimika kurudi nyuma kutafuta kiima, kwa hiyo niliigawa. Ya pili niliiacha kama ilivyokuwa: "Likizima usiku wageni wakiwa mezani, likivuja, likianguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyekatazwa kuligusa, au likikukasirisha tu bila sababu unayoweza kuieleza, lilete. Tutakutengenezea." Kila kipande chake kinaeleweka papo hapo, na neno lile moja la mwisho linapata uzito kutokana na urefu uliolitangulia.