Friza langu lililokuwa haliachi kuunguruma

Nauza barafu za ukwaju na za maziwa hapa Wete, na friza langu ni lile la kusimama, aina isiyogandisha kuta. Mwezi wa Ramadhani uliopita kuta zikaanza kuganda. Kwanza utando mweupe kwenye ukuta wa nyuma wa ndani, halafu feni ikawa inakwaruza, mwisho mota ikawa haizimi usiku wala mchana. Barafu zangu zikawa laini, na yuniti za umeme wa TUKUZA zikawa zinakwenda mbio kuliko kawaida.

Fundi wa kwanza akasimama mlangoni tu, akasema gesi imekwisha, ijazwe. Nilikuwa karibu kumlipa. Mwanangu wa dada, aliyesomea umeme wa majumbani, akanambia, "Subiri, mama mdogo. Tufungue ule ukuta kwanza tuone barafu imekaa vipi."

Tukachomoa waya, tukafungua kibao cha nyuma ndani ya friza. Koili, yale mabomba yanayoleta ubaridi, yote juu hadi chini ilikuwa imefunikwa na barafu sawasawa. Gesi ikipungua, kwa kawaida barafu huganda kwenye kona moja tu, pale gesi inapoingilia, na koili iliyobaki huwa kavu. Yetu ilikuwa imejaa pote, maana yake ubaridi upo, ila barafu haiyeyushwi. Hewa haipiti, kwa hiyo mota inasukuma bila kufika popote.

Friza la aina hii lina hita chini ya koili. Taima huhesabu saa kadhaa za kazi, halafu huzima mota na kuwasha hita kwa dakika 20 hadi 30. Kati ya taima na hita, kwenye njia ya umeme, kuna kidude kidogo cha duara kilichobanwa kwenye bomba la koili, ndiyo themostati ya kuyeyushia. Koili ikiwa baridi sana, kidude huunganisha njia ya umeme na hita inawaka. Koili ikipata joto kidogo, kinakata.

Tulianza na taima, wakati barafu bado ipo. Hilo ni muhimu: ukishaiyeyusha, themostati inakuwa imeshakata na hita haitawaka hata kama kila kitu ni kizima. Taima yetu iko nyuma chini, karibu na mota, na ina tundu la bisibisi. Mwanangu alichomoa waya, akaizungusha taratibu upande wa mshale mpaka ikalia tak, akarudisha waya. Mota ikanyamaza, kwa hiyo taima inabadilisha njia. Tukangoja dakika 20. Hakuna tone la maji, hakuna joto. Shaka ikabaki kwenye hita au themostati.

Tukalizima friza usiku kucha, mlango wazi, mabeseni chini. Nilitaka kuibandua ile barafu kwa kisu, akanikatalia kabisa: bomba la koili ni jembamba, na gesi ya mafriza mengi ya siku hizi inashika moto.

Asubuhi akachomoa waya za hita na kuipima kwa mita. Ikasoma omu 330. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni hita ya kama wati 160, nzima. Ingekuwa imekatika, mita isingeonyesha njia yoyote.

Themostati ikasoma haina njia. Nikasema basi, ndiyo mbovu. Akanambia hapana, katika joto la chumba hata nzima husoma hivyo hivyo, na wengi hutupa vizima kwa kosa hili. Akakifunga kidude kwenye mfuko wa plastiki, waya zake nje, akakizika katika bakuli la barafu iliyopondwa na chumvi nyingi, maana barafu peke yake haifiki baridi inayotakiwa. Robo saa, mita bado kimya. Nusu saa, kimya. Hapo tukajua.

Mpya tuliagiza kutoka Unguja, ikaja na boti. Tulimtumia muuzaji picha ya namba zilizoandikwa mgongoni mwa ile ya zamani, kwa sababu kila moja ina kiwango chake cha baridi cha kuunganisha na kukata. Kuna aliyetushauri tuunganishe waya moja kwa moja tuiruke themostati. Sikukubali: hita ingewaka muda wote wa taima hata barafu ikiwa imekwisha, na plastiki ya ndani ingeweza kuyeyuka.

Mpya nayo tuliizika kwenye chumvi kabla ya kuifunga. Baada ya dakika chache mita ikaonyesha njia, tukaitoa, ikakata yenyewe. Tukaibana kwenye bomba mahali pale pale, tukamimina maji ya vuguvugu kwenye tundu la kutolea maji, tukafunga kibao.

Siku ya pili nilisikia mota ikizima saa 4 asubuhi. Nikaweka sikio nyuma, nikasikia maji yakidondoka kwenye sinia.