Nyota za dereva na makosa ya kampuni: jinsi ninavyotathmini safari ya teksi mtandao

Ninatumia teksi mtandao Dar es Salaam mara kwa mara, hasa jioni ninapotoka kazini Posta kurudi Kimara, na kila safari inapokwisha simu huniuliza swali lile lile: umpe dereva nyota ngapi? Swali hilo linamhusu dereva peke yake. Hakuna mahali kwenye ukurasa huo panaponiuliza kama nauli ilipangwa kwa haki, kama ramani ilimwelekeza dereva vizuri, au kama kampuni inawalipa madereva wake kwa wakati. Abiria aliyekasirishwa na nauli na abiria aliyekasirishwa na uendeshaji wa hatari wote wanabonyeza nyota moja ile ile, na nyota hiyo inaandikwa kwenye jina la mtu mmoja tu.

Uzito wa nyota moja unaonekana ukipiga hesabu kidogo. Dereva mgeni aliyetathminiwa mara 20 na kupewa tano zote ana wastani wa 5.0. Abiria mmoja akimpa moja, wastani unashuka hadi 4.81, na wa pili akifanya hivyo unafika 4.64. Kampuni hizi huwaonya au kuwafungia madereva ambao wastani wao umeshuka chini ya kiwango kilichowekwa, kwa hiyo watu wawili waliochukizwa na nauli wanaweza kumweka pabaya kijana ambaye bado anadaiwa hesabu ya wiki na mwenye gari. Dereva mwenye tathmini mamia haumii kiasi hicho, lakini mimi abiria siwezi kujua kwa hakika nimepanda gari la yupi.

Kwa sababu hiyo nilijiwekea utaratibu. Sitoi nyota nikiwa bado mlangoni na mizigo mkononi. Ninasubiri risiti ifike, ninaisoma pamoja na ramani ya njia tuliyopita, kisha kwa kila jambo lililonikera ninajiuliza kama dereva mwingine, akiwa na gari lile lile na sheria zile zile za kampuni, angeweza kufanya vinginevyo. Jibu likiwa ndiyo, jambo hilo ni la dereva. Likiwa hapana, ninaliondoa kwenye nyota na kulipeleka sehemu ya msaada iliyo ndani ya programu, kwenye kumbukumbu ya safari husika, ambako linasomwa na kampuni.

Nitaeleza safari moja ya msimu wa mvua, kwa sababu mambo yote yalichanganyika humo.

Nilipoomba gari, makadirio ya nauli yalikuwa shilingi 15,000. Dereva alipiga simu kabla ya kuanza kuja: "Dada, nimepata oda yako. Unaelekea wapi, na malipo ni keshi au kadi?" Abiria wengi huchukizwa sana na simu hii na huihesabu kuwa ujeuri. Mimi siihesabu hivyo. Malipo ya kadi hupitia kwanza kwa kampuni na humfikia dereva baadaye, wakati mafuta anayanunua leo kwa fedha taslimu. Na mara nyingi programu haimwonyeshi mwisho wa safari kikamilifu kabla hajaikubali. Anauliza kwa sababu mfumo umemficha jambo analolihitaji. Ninachokiangalia ni anachofanya baada ya kujibiwa. Dereva akisikia "kadi" kisha akanyamaza nisijue anakuja au haji, au akaniomba nighairi mimi ili kughairi kusihesabiwe upande wake, hapo ametenda jambo lake mwenyewe na kampuni haihusiki. Huyu wangu aliposikia "Kimara, keshi" alijibu kwamba anakuja, na akaja.

Barabara ya Morogoro ilikuwa imefungwa pale Jangwani kwa sababu ya maji, kama inavyotokea mvua ikinyesha kwa nguvu. Akanieleza hivyo kabla hatujaondoka, akasema tutapita Ali Hassan Mwinyi hadi Morocco, kisha tushike Kawawa kuibukia Magomeni. Nilikubali. Tulipofika nyumbani nauli ilisomeka 19,500.

Kuona shilingi 4,500 zimeongezeka ndipo watu wengi wanapobonyeza nyota moja na kuandika "mwizi". Kuna madereva wanaozungusha abiria kwa makusudi, sikatai, lakini wanatambulika. Njia iliyochorwa kwenye risiti huonyesha mizunguko isiyo na sababu, barabara kuu iliachwa ingali wazi, na dereva hakusema neno kabla ya kukata kona. Katika safari yangu, ramani ilionyesha mzunguko mmoja tu, kilomita nne hivi zaidi ya njia ya kawaida, na kufungwa kwa Jangwani kulijulikana na kila aliyekuwa barabarani jioni ile. Nauli ilipanda kwa sababu programu inahesabu umbali na muda uliotumika kweli, na hiyo ni kanuni ya kampuni. Dereva hana kitufe cha kuipunguza.

Inafaa pia abiria ajue fedha hiyo inakwenda wapi. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 15. Kampuni zilipinga, mojawapo ya zile kubwa ikasimamisha huduma zake nchini kwa miezi kadhaa, na baadaye kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25. Kwa kiwango hicho, katika 19,500 yangu kampuni inaweza kuchukua 4,875 na kumwachia dereva 14,625, ambazo ndani yake kuna mafuta, hesabu ya bosi na matengenezo. Ninaeleza haya ili lawama ya bei iende mahali pake. Hayamfanyi dereva kuwa mtu asiye na kosa, na safari hii hii ilinithibitishia hilo.

Tulipopita Magomeni foleni ilikuwa imesimama kabisa. Karibu na Manzese, bila kuniambia, akapanda kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi na kuongeza mwendo. Njia hiyo ipo katikati ya barabara, vituo vyake vipo katikati, na abiria wanaoshuka huvuka wakitazamia basi, wala hawatazamii gari dogo linalokimbia gizani. Nikamwambia, "Kaka, tafadhali rudi upande wa magari, sitaki tupite huku." Akajibu, "Sawa dada, nilitaka tuwahi tu, foleni yenyewe haiishi," na penye upenyo wa kwanza akarudi. Hakununa wala kubishana.

Hapa swali langu lilijibiwa bila shida. Mamia ya madereva walikuwa wamesimama kwenye foleni ile ile, wenye hesabu zile zile na kamisheni zile zile, na hawakupanda njia ya mwendokasi. Kabla ya kuhukumu nilijiuliza pia kama mimi nilimhimiza, kwa sababu abiria anayesema "niwahishe" kila dakika tano ana sehemu yake katika mwendo wa gari. Sikuwa nimemhimiza. Katika mambo ya usalama, yaani njia isiyoruhusiwa, simu mkononi, kupita mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, ninakataa kabisa kuchanganya ugumu wa kazi na tendo lenyewe. Ninaweza kuelewa kwa nini mtu ana haraka na bado nikaandika kwamba alihatarisha watu.

Nilimpa nyota tatu asubuhi yake, nikaandika hivi: "Alifika kwa wakati, alinieleza mapema kwamba Jangwani pamefungwa na akapita njia iliyofaa, lugha yake ni nzuri. Karibu na Manzese aliingia njia ya mwendokasi kwa mwendo mkali bila kuniuliza. Nilipomwomba atoke alitoka mara moja. Nyota nimepunguza kwa jambo hilo tu. Nauli iliyoongezeka si kosa lake."

Sentensi ya mwisho ninaiandika kila inapohitajika, kwa sababu mfanyakazi wa kampuni anayesoma malalamiko akiona nauli ilipanda na nyota zimeshuka ataunganisha mambo hayo mawili upesi. Vilevile ninataja mahali na tendo, wala siandiki sifa ya mtu. "Dereva mbaya" haimsaidii yeyote. "Aliingia njia ya mwendokasi karibu na Manzese" inaweza kuhakikiwa kwa ramani ya safari na dereva mwenyewe anaweza kuijibu.

Kwa kampuni niliandika ujumbe wa pekee, nikiomba mchanganuo wa nauli na nikilalamika kwamba ukurasa wa makadirio haukunionya kuwa bei ingeweza kupanda kwa kiasi kile wakati barabara kuu imefungwa. Jibu la kwanza lilikuwa la kunakili, likinishukuru na kuniahidi kwamba "dereva atachukuliwa hatua". Nikawaandikia tena kwamba malalamiko haya hayamhusu dereva, nikaambatisha picha ya makadirio na picha ya risiti. Safari hii walinipa kilomita, dakika na viwango vyake. Hesabu ilikuwa sahihi na sikurudishiwa kitu. Sikuona sababu ya kudai. Lakini lile jibu la kwanza ndilo linalonifanya nisisitize kutenganisha: lawama ikiachwa bila anwani, kampuni humkabidhi dereva.

Kwenye mabasi ya mikoani mambo hugeuka kidogo. Abiria huandika kwamba dereva "anatambaa", ilhali basi lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa na LATRA inaufuatilia mwendo wake kwa kifaa kilichofungwa ndani ya basi. Dereva huyo anastahili sifa kwa kitu kile kile anacholaumiwa. Muda wa chakula kuwa mfupi, au basi kusimama kwenye hoteli ya bei ghali, ni mipango ya mwenye basi na inapaswa kuandikwa kwa jina la kampuni.

Jambo moja tu haliingii katika utaratibu huu. Gari likija na namba tofauti na iliyo kwenye simu, au sura ya dereva isifanane na picha, huenda mtu anatumia akaunti iliyosajiliwa kwa jina la mwingine. Hapo sipandi, ninaghairi na kuchagua sababu hiyo kwenye orodha, na ninaripoti palepale nikiambatisha namba ya gari lililofika. Nyota hapo hazifai kitu, kwa sababu zingeandikwa kwa mtu ambaye hakuwa kwenye usukani, na kosa ni la wote wawili: aliyekodisha akaunti yake, na kampuni isiyohakiki nani anaendesha.